Barua ya Mwanafunzi na Neno Lisilokuwamo Katika Hadithi

Yupo rafiki yangu wa baraza moja, tulisoma naye chuoni kwa maalim mmoja tukiwa wadogo, kisha njia zetu zikaachana. Mimi nikashika kalamu ya gazeti na mashairi, yeye akaendelea na masomo hata leo ni mhadhiri wa chuo kikuu. Juma lililopita alinijia baada ya Isha na barua mkononi. Alikuwa ameandikiwa na mwanafunzi wake, naye amemtaka ruhusa anionyeshe, na kijana akaridhia kwa sharti jina lake lisitajwe. Nami silitaji.

Kijana huyo anaandika tasnifu juu ya madrasa za wasichana hapa Pwani. Katika sura ya kwanza ameweka ile kauli ambayo kila mmoja wetu ameisikia mimbarini, kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, mwanamume na mwanamke. Chini ya ukurasa akaandika neno moja tu, "Bukhari". Mhadhiri wake akalizungushia duara la wino mwekundu na kuandika pembeni: wapi?

Basi kijana, baada ya salamu na kumwombea mwalimu wake afya, amesema hivi: "Mwalimu wangu, nimeitafuta siku tatu katika Bukhari na sikuiona. Nimeona watu wanaipa namba mbalimbali, na wengine hawaipi namba kabisa. Naomba unifundishe mambo matatu. Hadithi huandikwaje katika tanbihi hata msomaji aipate? Nikiwa nimeiona katika kitabu cha mtu mwingine, nitaje kitabu kipi? Na la tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Kauli hii nimeitoa katika kijitabu cha hotuba cha marehemu maalim wangu, na yeye ndiye aliyeandika kwamba imo katika Bukhari na Muslim. Nikisema haimo, je, sitakuwa nimemfedhehi kaburini mtu aliyenifundisha alifu kwa kijiti?"

Ndugu msomaji, niliposoma hapo nilinyamaza kitambo. Maana na mimi ni mkosa wa kosa lile lile. Mwaka 1996 nilitunga shairi la kuhimiza mabanati wasome, nikalisoma hadharani usiku wa Maulidi, na katika beti zake nikaitia kauli hiyo pamoja na "mwanamke" wake, nikamtaja na Bukhari kwa kuwa jina lake lilikaa vyema katika vina. Watu walishangilia. Hakuna aliyeuliza wapi. Kwa hiyo haya ninayoyaandika leo ni toba kuliko kuwa ni mafunzo.

Tuianze safari aliyotakiwa kuifanya kijana huyu, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuiacha ile tafsiri ya Kiswahili na kurudi kwenye maneno ya Kiarabu, kwani vitabu vya kutafutia hadithi hupangwa kwa maneno yake ya asili. Ukiyashika maneno hayo, Bukhari na Muslim hutaiona humo. Utaiona kwa Ibn Majah, aliyefariki mwaka 273 wa Hijria, sawa na 887. Imo katika Sunan yake, hapo mwanzo kabisa katika utangulizi wa kitabu, kwenye mlango unaohusu fadhila za wanazuoni na kuhimiza kutafuta elimu, nayo ni hadithi ya 224 kwa hesabu ya Muhammad Fuad Abdul Baqi wa Misri. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik.

Ukiisoma hapo kwa macho yako utashituka. Yasema ni faradhi kwa kila Mwislamu, kisha huendelea na maneno mengine ambayo sisi hatuyataji mimbarini. Neno "na mwanamke" halipo.

Limetoka wapi basi? Hapa ndipo faida ya hatua ya pili, ambayo ni kufungua vitabu vilivyotungwa mahsusi kwa kauli zilizoenea vinywani mwa watu. Mashuhuri katika hivyo ni al-Maqasid al-Hasana cha al-Sakhawi, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 902 wa Hijria, yaani 1497. Kitabu hicho kimepangwa kwa herufi ya kwanza ya kila kauli, kwa hiyo hii utaitafuta kwenye herufi ya twaa. Al-Sakhawi ameeleza kwamba baadhi ya watunzi wa vitabu waliliambatisha neno hilo mwishoni mwa hadithi, na kwamba halitajwi katika njia yoyote ya mapokezi yake, ingawa maana yake ni sahihi. Tazama, zaidi ya miaka mia tano mtu ameshajibu swali la duara jekundu, nasi tungali twalirudia kosa.

Hatua ya tatu ni kuitazama sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi. Na hapa kuna jambo ambalo nina hakika wengi wa wasomaji wangu hawakupata kulisikia. Katika sanadi ya Ibn Majah yumo mtu aitwaye Hafs bin Sulayman. Hafs huyo ndiye yule yule wa msahafu. Msahafu huu tuusomao sisi hapa Pwani, kuanzia Fatiha hadi Nas, twausoma kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim. Katika kisomo cha Qurani ni imamu, hakuna anayemtilia shaka. Lakini katika upokezi wa hadithi, wahakiki wamemhesabu kuwa ni dhaifu, na wengine wakaiacha riwaya yake kabisa. Kwa ajili yake sanadi hii ya Ibn Majah ni dhaifu.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Hadithi hii imepokewa kwa njia nyingi nyingine, nyingi zake zina kasoro. Imamu al-Nawawi aliiona ni dhaifu kwa sanadi, japo maana yake ni sawa. Al-Mizzi, aliyefariki mwaka 742 wa Hijria, aliona kwamba njia zake zikikusanywa pamoja hufikia daraja ya hasan, iliyo chini ya sahihi na juu ya dhaifu. Na katika zama zetu al-Albani ameihesabu kuwa ni sahihi. Mwanafunzi hatakiwi kuwaamulia mabwana hawa. Atakiwalo ni kusema nani amehukumu nini, asiandike tu "hadithi sahihi" kana kwamba hukumu imeshuka yenyewe.

Sasa tuyajibu maswali yake.

La kwanza ni la namba. Namba ya hadithi si sehemu ya hadithi. Bukhari hakuandika namba, zimetiwa na wachapishaji wa zama zetu, na kila mmoja ana hesabu yake. Mfano ulio wazi ni ile hadithi ya nia katika Sahihi ya Muslim. Kwa hesabu ya Abdul Baqi ni namba 1907, na katika tafsiri ya Kiingereza ya Abdul Hamid Siddiqui ni namba 4692. Ni hadithi moja, na hakuna aliyekosea, ila atakayeandika namba peke yake atamtuma msomaji kwenye nyumba ya jirani. Ziko na chapa za zamani za Bukhari kwa Kiingereza ambazo huanza hesabu upya katika kila juzuu, hata ukasema namba mia na moja bila ya juzuu, utakuwa umetaja hadithi tisa kwa mpigo.

Dawa yake ni nyepesi. Andika jina la mtunzi, jina la kitabu, kisha kitabu cha ndani kama vile Kitabu cha Elimu, kisha mlango, ndipo namba, na useme namba hiyo ni kwa hesabu ya nani. Kwa Bukhari na Ibn Majah, jina la kitabu cha ndani na la mlango yametoka kwa mtunzi mwenyewe, hayabadiliki kutoka Cairo hata Beirut. Namba ikipotea, mlango utamfikisha msomaji.

Tahadhari moja kwa vijana wa siku hizi ambao maktaba yao imo ndani ya simu. Katika ile Maktaba Shamila, vipo vitabu ambavyo mwanzoni mwake pameandikwa kwa Kiarabu kwamba kurasa zake zimehesabiwa na mashine na hazilingani na chapa. Mwanafunzi hairuki ile habari ya mwanzo ila hujuta, kwani huandika juzuu na ukurasa ambao haumo katika kitabu chochote cha karatasi duniani. Mhadhiri akienda rafuni, anakuta ukurasa huo ni wa twahara na wewe ulikuwa ukizungumza elimu.

Na Qurani pia ina hesabu zake. Sura na aya zatosha, lakini lazima ujue umeshika msahafu gani. Hesabu tuliyoizoea ni ya watu wa Kufa, yenye aya 6,236. Ziko chapa, zikiwemo za Waahmadiyya, ambazo huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya kila sura yenye Bismillahi, kwa hiyo Ayatul Kursiy, ambayo kwetu ni aya ya 255 ya Baqara, humo ni ya 256. Vitabu vingi vya zamani vya Wazungu navyo vilifuata chapa ya Flügel ya mwaka 1834, yenye mgawanyo wa aya ulio mbali na wetu. Ukiona aya iliyotajwa haifanani na mazungumzo, usimwite mtu mwongo, sogea mbele au nyuma kidogo uitafute. Na ukinukuu kwa Kiswahili, mtaje mfasiri, kama ni Sheikh Abdullah Saleh Farsy katika chapa ya 1969 au ni mwingine, kwa sababu yale maneno ya Kiswahili ni ya mfasiri.

Swali la pili, nitaje kitabu kipi nikiwa nimeiona kwa mtu mwingine? Jibu ni hili: taja ulichokiona. Ukiwa umeiona kwa Ibn Majah, sema Ibn Majah. Ukiwa umeiona katika kijitabu kinachosema imo kwa Ibn Majah, sema imetajwa na fulani katika kijitabu kadha, naye ameinasibisha kwa Ibn Majah. Anayeruka mpatanishi akajifanya amekunywa kisimani ndiye anayeyarithi makosa ya watu bila ya kujua. Ndivyo lilivyotembea neno hilo moja karne kwa karne, kila mmoja akimnakili mwenziwe na kuandika jina la mkubwa zaidi. Watu wa hadithi walilijua jambo hili kabla ya vyuo vikuu kuwa na tanbihi. Mpokezi aliyesema "kutoka kwa fulani" hali hakumsikia yeye, bali alisikia kwa wa kati akamficha, walimwita mudallis, na riwaya zake wakazipokea kwa hadhari. Kwa hiyo mwanafunzi asidhani kwamba anafundishwa desturi ya kizungu.

Swali la tatu ni la marehemu maalim wake, nalo ndilo zito.

Barazani tulibishana sana. Mzee mmoja wetu, mtu wa heshima zake, alisema: "Maana si mmekubali ni sahihi? Mwacheni maalim wa watu apumzike." Nikamjibu kwamba al-Sakhawi naye amekiri maana ni sahihi, na bado akalitoa neno. Maana kuwa sahihi ni jambo moja, na Mtume kuwa amelitamka ni jambo jingine. Hadithi ya kuonya juu ya mwenye kumzulia Mtume uwongo kwa makusudi imepokewa na masahaba wengi mno. Makusudi, nasema, na maalim hakukusudia. Lakini baada ya duara jekundu, mwanafunzi akiliacha neno lile pale, yeye atakuwa amekusudia.

Kisha nikamwambia jambo la pili, la kidunia. Tuseme tasnifu hii imechapishwa, na kesho katika kikao cha msikiti mtu anayepinga madrasa ya wasichana akasimama na kitabu cha Ibn Majah mkononi, akasema neno "mwanamke" haliko, mmelitia wenyewe. Hoja nzima itaangushwa kwa neno moja, ilhali haikulihitaji hata kidogo. Neno "Mwislamu" katika hadithi kama hizi huwakusanya wanaume na wanawake, kama ambavyo hatusemi swala na saumu si za wanawake.

Na ikiwa kijana ataka dalili yenye kutaja wanawake kwa jina, Bukhari anayo kweli, ila si hiyo aliyoitafuta. Katika Kitabu cha Elimu, kuna mlango wenye kuuliza iwapo wanawake watengewe siku yao ya kusoma. Humo imo hadithi ya Abu Said al-Khudri, namba 101, ambayo pia imerudiwa kwenye namba 1249 na 7310. Yaeleza kwamba wanawake walimwendea Mtume wakalalamika kuwa wanaume wamewazidi, awatengee siku yao, naye akawaahidi siku, akakutana nao, akawawaidhi. Kwa tasnifu ya madrasa za wasichana, hii ni nguvu mara kumi kuliko neno lililoambatishwa. Siku tatu alizozunguka ndani ya Bukhari alikuwa akipita mlangoni pake.

Ama maalim, hakuna haja ya kumficha wala ya kumfedhehi. Kijitabu chake kina daraja mbili, na kijana amezichanganya. Kikiletwa kuwa ushahidi wa alilosema Mtume, hakitoshi, kwani hapo huhitajiwa Ibn Majah na sanadi yake. Lakini kikiletwa kuwa ushahidi wa namna masheikhe wa Pwani walivyowapigania mabinti zetu wasome, kijitabu hicho ndicho asili yenyewe, na hakuna kitabu cha Cairo wala Beirut kitakachoshika nafasi yake. Basi akitoe pale kwenye tanbihi ya hadithi, akiweke katika sura inayosimulia historia ya madrasa, kwa jina la mtunzi wake na maneno yake kama yalivyo, pamoja na hilo "na mwanamke", kisha aeleze kwa utulivu kwamba nyongeza hiyo ilikuwa imeenea tangu zamani na al-Sakhawi ameishaitaja. Kwa njia hiyo maalim amesimama pamoja na watunzi wa karne nyingi waliolichukua neno kwa nia njema.

Na akiona bado moyo wamwuma, amkumbuke Hafs. Sehemu kubwa ya umma yamsoma Mungu wao kwa kisomo chake, na umma huo huo umeandika vitabuni kwamba katika hadithi alikuwa dhaifu. Hakuna aliyeona kuwa la pili limeliondoa la kwanza. Maalim wake naye alikuwa bingwa wa alifu na kijiti, na katika kunasibisha hadithi aliteleza.

Tuliandika pamoja, mimi na rafiki yangu, mfano wa tanbihi ambayo kijana angeiweka. Nauweka hapa kwa faida ya wengine:

Ibn Majah, Sunan, utangulizi, mlango wa fadhila za wanazuoni na kuhimiza kutafuta elimu, namba 224 kwa hesabu ya Abdul Baqi, kutoka kwa Anas. Katika sanadi yumo Hafs bin Sulayman, naye ni dhaifu. Al-Mizzi ameona kwamba kwa wingi wa njia zake yafikia hasan. Nyongeza ya "na mwanamke" haimo katika njia zake: tazama al-Sakhawi, al-Maqasid al-Hasana, herufi ya twaa.

Mistari mitano tu. Akiongeza mahali na mwaka wa chapa aliyoishika mkononi, kazi imekwisha, na mtu wa Lamu, Zanzibar au Maskati aweza kuifuata akafika.

Rafiki yangu aliondoka na barua yake usiku ule, nami nikabaki nikilitafuta lile shairi langu la 1996. Nimelipata chini ya kasha, karatasi imekuwa ya manjano. Ubeti nimeufuta, na mwingine nimeutunga mahali pake, wa wale wanawake waliokwenda kudai siku yao. Kina cha "Bukhari" nimekiacha pale pale. Safari hii ni cha haki.

Wabillahi taufiki.